Gari la umeme kwenye baridi kali: maswali ninayoulizwa kila majira ya baridi

Naishi karibu na Hamar, kusini mwa Norwei, na tangu 2019 naendesha gari la umeme kwenda na kurudi kazini, zamu za usiku zikiwemo. Kila Novemba simu yangu huanza kuita. Ni ndugu waliotoka Uvira, Bukavu, Kigoma na Mombasa, wengine wako hapahapa Norwei, wengine Swideni, wengine Minnesota na Alberta. Kiangazi walinunua gari likawa linawapeleka kilomita 400 kwa chaji moja. Sasa linaandika 260, na wanaamini wameuziwa betri mbovu. Hapa nimekusanya maswali yenyewe na majibu ninayowapa.

Kwa nini umbali unashuka kiasi hiki? Betri imekufa?

Haijafa. Kuna mambo mawili tofauti yanayotokea kwa wakati mmoja, na ukiyachanganya hutajua la kufanya.

La kwanza, gari linatumia umeme mwingi zaidi kwa kila kilomita. Mlaji mkubwa ni joto la ndani. Injini ya petroli hutupa sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto, kwa hiyo hita yake huokota joto ambalo lingepotea hata hivyo. Mota ya umeme haitupi joto jingi, basi kila nyuzi unayoisikia miguuni imetoka kwenye betri. Juu ya hilo, hewa baridi ni nzito: kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri inakuwa nzito kwa takriban asilimia 14 kuliko kwenye nyuzi 20, na gari linapaswa kuipasua hiyohiyo. Matairi nayo yanapungua upepo baridi inapoingia, mpira unakuwa mgumu, na theluji barabarani inavuta.

La pili, betri yenyewe inakuwa nzito kutoa na kupokea umeme. Hapa nawakumbusha watu chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya Julai kule Arusha au Nairobi yameganda. Ukiinamisha chupa hayatoki, lakini hayajapungua hata tone. Ndani ya seli ya betri kuna kimiminika ambamo lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakigandi kama mafuta ya nazi, ila kinakuwa kizito, na lithiamu inaingia kwenye kaboni ya upande wa pili kwa taabu. Umeme umo, ila hautoki kwa kasi unayotaka, na sehemu yake ya mwisho gari halikubali kuutoa mpaka betri ipate joto.

Kati ya hayo mawili, lipi linakula zaidi?

Kwa safari za kila siku, hita ya ndani. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme mwaka 2019 kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Hiyo tofauti kati ya 12 na 41 ndiyo bili ya kupasha abiria joto.

Hapa Norwei, chama cha wenye magari, NAF, hufanya jaribio lake kila majira ya baridi kwa kuendesha magari barabarani mpaka yazimike. Mwaka 2020 walijaribu magari 20, na kwa wastani yalipoteza asilimia 18.5 ya umbali uliotangazwa na watengenezaji. Lakini lililofanya vizuri lilipoteza kama asilimia 9, na lililofanya vibaya karibu 30. Kwa hiyo jirani akikuambia gari lake halijapungua sana, usidhani anajisifu. Inategemea gari, na zaidi sana inategemea urefu wa safari.

Kumbuka pia kwamba umbali unaoandikwa kwenye karatasi ya gari la Ulaya umepimwa maabara kwenye nyuzi 23. Hiyo ni hali ya hewa ya Dar es Salaam jioni. Lillehammer haijawahi kuwa hivyo Januari.

Mbona safari fupi ndizo zinazonimaliza?

Kwa sababu kupasha joto kuna gharama ya kuanzia, na gharama hiyo ni ileile uende kilomita 8 au 200. Acha nikupigie hesabu ya gari la kawaida lenye betri ya kilowati-saa 60 za kutumika, zile zinazoandikwa kWh kwenye skrini. Kiangazi, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linakula kama kWh 15 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni kilomita 400 kwa betri nzima.

Sasa ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa sababu ya hewa nzito, matairi na theluji, mwendo peke yake unakula kWh 18. Hita, baada ya ndani kupata joto, inataka kilowati 2 mfululizo ili kulishikilia, na kilomita 100 unazimaliza kwa saa moja na robo, kwa hiyo ongeza kWh 2.5. Jumla 20.5.

Ila kabla ya kufika hapo kuna kianzio. Kutoa viti, vioo na hewa ya ndani kwenye baridi ile mpaka joto la kukalika ni kama kWh 1.5. Na kama gari lako lina hita ya betri, kuipandisha betri yenye uzito wa kilo 450 hivi kutoka nyuzi 15 chini ya sifuri hadi nyuzi 20 juu yake kunahitaji kama kWh 4 au zaidi kidogo.

Mwenye safari ya kilomita 8 hadi kazini, hata tusipohesabu joto la betri, anatumia kWh 1.4 kwa mwendo, 1.5 za kianzio, na kama 0.4 za kushikilia joto. Jumla 3.3 kwa kilomita 8, yaani kWh 41 hivi kwa kilomita 100. Gari likikisia umbali kwa mwendo huo, litakuandikia chini ya kilomita 150. Halina kosa. Limeangalia ulivyoendesha juzi na jana, likadhani ndivyo utakavyoendesha siku zote. Ukilipeleka safari ndefu, namba hiyo itapanda mbele ya macho yako.

Kupasha betri joto na kulitayarisha gari mapema ni kitu kimoja?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ningependa ukielewa kimoja tu katika ukurasa huu kiwe hiki.

Hita ya betri ni kifaa. Katika magari mengi inapasha maji ya kupoozea, na maji hayo yanapitishwa chini au katikati ya seli. Mengine hayana hita ya pekee, yanatumia joto la mota au pampu ya joto kupasha maji hayohayo. Magari machache, mfano Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, hayana mzunguko wa maji kwenye betri kabisa. Leaf hizo nyingi zina pedi ndogo za joto za kuilinda betri isigande kwenye baridi kali sana, na pedi hizo hazikusudiwi kukuongezea umbali wala kasi ya kuchaji.

Kulitayarisha gari mapema ni matumizi ya kifaa hicho, na yapo ya aina mbili zenye malengo tofauti. Moja ni kabla ya kuondoka nyumbani, gari likiwa limechomekwa ukutani: joto linalipiwa na umeme wa nyumba, na unaondoka na betri nzima. Hiyo inakuongezea umbali. Nyingine ni njiani, dakika 20 hadi 45 kabla ya kufika kituo cha kuchaji kwa kasi: joto linalipiwa na betri yenyewe. Hiyo inakupunguzia umbali ili kukuokolea muda kituoni. Kwenye skrini zote mbili zinaweza kuitwa `Preconditioning`, na kwenye menyu ya Kinorwei utaona `Forvarming`, kwa hiyo jina halikuambii ni ipi. Jiulize swali moja tu: umeme wa kupasha unatoka wapi?

Nikipasha nyumbani napata kilomita ngapi?

Turudi kwenye gari letu la kWh 60. Likianza safari limeganda, linatoa kWh 5.5 za kianzio kutoka betrini. Zinabaki 54.5, ukizigawa kwa 20.5 unapata kama kilomita 265. Likianza limeshapashwa na umeme wa ukutani, betri bado ina 60 zote, na unapata kama kilomita 290. Faida ni kama kilomita 25.

Wengine wakisikia hivyo wanasema ni kidogo. Kwenye safari ndefu, kweli si nyingi, maana baridi inaendelea kukutoza njia nzima. Lakini mtu wa kilomita 8 kwenda na 8 kurudi, nusu ya matumizi yake ni kianzio. Akikihamishia ukutani kila asubuhi, anaona tofauti kubwa kwenye namba za wiki.

Sitakuficha, pesa ya umeme unailipa palepale. Joto ni lilelile, ila limetoka kwenye waya na si kwenye safari yako.

Nifanyeje hasa, hatua kwa hatua?

Weka saa ya kuondoka, usiweke saa ya kuanza kuchaji. Kwenye programu ya simu au skrini ya gari kuna sehemu ya muda wa kuondoka. Ukiandika saa 12:30 asubuhi, gari linahesabu lenyewe lianze lini ili chaji na joto vimalizike karibu na saa hiyo. Kuchaji kwenyewe kunatia betri joto kidogo, na ukiondoka ingali na joto hilo umeokoa. Ukichaji saa mbili usiku ikajaa saa sita, alfajiri betri imeshapoa tena. Angalia pia saa za gari zisikuchanganye: mtu aliyezoea saa za Kiswahili akiandika 12:30 na mfumo ni wa saa 24, gari litamsubiri mchana. Andika 06:30. Limewahi kumpata jamaa yangu, akatoka asubuhi akakuta vioo vyeupe kwa barafu.

Kisha angalia waya unakupa nguvu kiasi gani. Soketi ya kawaida ya hapa yenye ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Kule Marekani na Kanada soketi ya volti 120 inatoa kama 1.4. Hita ya ndani ikianza peke yake inaweza kutaka kilowati 5, na ya betri inataka zake. Basi kinachopungua kinatoka betrini ingawa gari limechomekwa. Ndiyo sababu wengine wanapasha kwa nusu saa na bado wanaona chaji imeshuka kwa asilimia kadhaa. Kwa soketi ndogo, anza mapema na uendelee kwa muda mrefu. Kwa chaja ya ukutani ya kilowati 7 au 11, dakika 30 hadi 45 kabla ya kuondoka zinatosha kwa magari mengi.

Mwisho, hakikisha gari lako linapasha betri na si viti tu. Mengi, ukibonyeza kitufe cha hewa kwenye simu, yanapasha ndani peke yake na betri yanaiacha. Njia rahisi ya kujua ni kuendesha mita 500 za kwanza na kuachia pedali: kama gari linapunguza mwendo kwa nguvu kama kiangazi, betri ina joto. Kama linateleza tu na betri haijajaa, bado ni baridi.

Nimefika chaja ya kasi, imeandikwa kilowati 150, mimi napata 30. Chaja mbovu?

Mara nyingi chaja ni nzima. Betri ndiyo inayokataa.

Mama mmoja wa Uvira, tunamheshimu wote hapa, alinipigia Februari iliyopita akiwa Dombås, njiani kwenda Trondheim msibani. Alikuwa amelala kwa mwanawe bondeni, gari limeshinda nje usiku wa nyuzi 22 chini ya sifuri bila kuchomekwa, na kituo kilikuwa dakika kumi tu kutoka pale. “Mwanangu,” akaniambia, “nimechomeka, linasema dakika 95, na huku wananisubiri.” Nikamwomba anisomee namba ya kilowati. Ikawa 26. Nikamuuliza kama kuna alama ya theluji kwenye skrini. Akasema ipo, ya samawati. Hapo hapakuwa na la kurekebisha, ni kusubiri. Nikamwambia asichomoe kuhamia chaja nyingine, maana muda ule betri ilikuwa inapashwa na kuchaji kwenyewe, na kweli baada ya dakika 20 namba ilikuwa 48, baadaye 70. Alichukua saa nzima na kidogo. Siku ya kurudi alipasha njiani, akamaliza kwa dakika 31 kituo kilekile.

Sababu ni hii. Ukichaji, lithiamu inapaswa kuingia ndani ya tabaka za kaboni ya upande hasi. Kwenye baridi inaingia polepole. Ukiisukuma kwa nguvu inakosa nafasi, inajipaka juu yake kama metali. Metali hiyo haitumiki tena kuhifadhi umeme, na ikizidi inaweza kuota ncha na kuhatarisha seli. Hivyo kompyuta ya betri inabana mkondo mpaka joto lipande. Inalinda mali yako, hata kama inakuudhi.

Januari 2024, baridi kali ilipoingia Chicago, picha za magari yaliyozimika kwenye foleni za chaja zilienea dunia nzima. Ndani yake kulikuwa na mnyororo huu huu: magari yanafika yameganda, kila moja linakaa muda mrefu kuliko kawaida, foleni inarefuka, na walio nyuma wanakesha na hita ikiwaka kwa chaji iliyobaki. Chaja chache nazo zikiharibika, hali inakuwa mbaya haraka.

Basi nianze kupasha lini nikiwa njiani?

Katika magari mengi ya sasa, gari linaanza lenyewe endapo umeweka kituo cha kuchaji kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari. Ramani ya simu haitoshi, kwa sababu gari halijui unakokwenda. Baadhi ya magari yana kitufe cha kuwasha mwenyewe, na hicho nakipenda, maana ramani nyingine hazina vituo vyote. Mengine yanakutaka kwanza uwashe hali ya baridi kwenye menyu, yaani `Winter mode` au jina kama hilo, ndipo yakubali.

Muda unategemea baridi na nguvu ya hita. Kwa hita ya kilowati 6, kWh 4 ni dakika 40. Ukiwa umeshaendesha saa mbili kwenye barabara kuu, betri imejipasha yenyewe kiasi na dakika 15 hadi 20 zitatosha. Ukitoka kwenye maegesho yaliyoganda na kituo kiko dakika kumi, kama ilivyokuwa kwa yule mama, hakuna muda wa kupasha. Huyo dawa yake ilikuwa jana jioni: kuchaji wakati anawasili, betri ikiwa na joto la safari, badala ya asubuhi. Betri ni nzito na inapoa taratibu kwa masaa mengi, kwa hiyo chaji ya kasi mwisho wa safari karibu kila mara ni fupi kuliko ya asubuhi. Madereva wa teksi hapa wanalijua hili vizuri sana.

Kuna mtego mmoja. Kupasha njiani kunakula kWh 3 au 4, yaani kilomita 15 hadi 20 za majira ya baridi. Na magari mengi, chaji ikishuka karibu na asilimia 20, yanaacha kupasha ili yakufikishe. Ukipanga kufika na asilimia 8 kama ulivyofanya Julai, unafika ukiwa na hofu na betri ya baridi pia. Mimi Januari napanga kufika na asilimia 20 hadi 25.

Inafaa kupasha betri kabla ya chaja ya polepole?

Hapana. Chaja ya kilowati 7 au 11 haiisumbui betri iliyo baridi kiasi, na joto utakalolitumia njiani litapotea bure. Gari likianza kupasha lenyewe kwa sababu umeweka kituo cha kasi ramani, na wewe unapita tu hapo kuchukua mtu, futa kituo hicho.

Pampu ya joto inamaliza tatizo?

Inalipunguza. Hita ya kawaida inatoa kilowati moja ya joto kwa kilowati moja ya umeme. Pampu ya joto inakusanya joto kutoka hewa ya nje na kutoka mota, hivyo kwenye nyuzi karibu na sifuri inaweza kukupa mbili au zaidi kwa moja. Kadiri baridi inavyoshuka faida inayeyuka, na kufikia nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri pampu nyingi zinakuwa hazina tofauti kubwa na hita ya kawaida. Ukikaa Oslo au Stavanger kwenye baridi ya wastani, ilipie. Kama safari zako ni za dakika kumi kumi, au unaishi kwenye baridi kama ya Edmonton, usitegemee miujiza.

Nizime hita niokoe umbali?

Usiendeshe ukitetemeka, na kamwe usiache kioo cha mbele kiwe na ukungu. Njia ya busara ni kuwasha joto la kiti na la usukani, ambalo kwa kiti kimoja ni kama wati 50 hadi 75, kisha ushushe hewa kutoka nyuzi 22 hadi 18. Mwili unahisi joto lilelile kwa umeme mdogo. Ukibanwa kweli, punguza mwendo. Kwenye safari ndefu, ndani kukiwa kumeshapata joto, kutoka 110 hadi 90 kwa saa kunaokoa zaidi ya kuzima hita, na unabaki na vidole vinavyosikia usukani.

Asubuhi gari haliburuzi likiachiwa pedali. Breki zimeharibika?

Breki za kawaida ni nzima. Kilichopungua ni breki ya mota, ile inayorudisha umeme betrini. Umeme huo ni chaji kama chaji nyingine, na betri ya baridi inaukataa. Ukizoea kuendesha kwa pedali moja, kona ya kwanza yenye barafu inaweza kukushtua. Weka mguu tayari kwenye breki kwa kilomita kumi za mwanzo. Betri iliyojaa asilimia 100 hufanya hivyohivyo, hata wakati wa joto.

Nimeliacha uwanja wa ndege wiki nzima, nimekuta asilimia zimepungua.

Sehemu imejificha tu kwa baridi na itarudi betri ikipata joto, kama mafuta ya nazi yakianikwa juani. Sehemu imetumika kweli, hasa kama gari linapasha betri yake likiwa limeegeshwa, au kama unalichungulia kwenye simu mara kumi kwa siku, maana kila ukichungulia unaliamsha. Liache na angalau asilimia 50, lichomeke kama kuna soketi, na uzime ulinzi wa kamera kama unao.

Nitajuaje kama tatizo ni baridi au betri imechoka kweli?

Soma namba ya matumizi, ile ya kWh kwa kilomita 100, usisome umbali uliokisiwa. Matumizi yakiwa juu, 25 au 30, tatizo ni joto la ndani, mwendo, upepo wa matairi au safari fupi. Matumizi yakiwa ya kawaida lakini nguvu imebanwa na alama ya theluji imewaka, seli ni za baridi. Matumizi yakiwa ya kawaida, siku ni ya nyuzi 20, na bado asilimia 100 hadi 20 haikufikishi ulikofika miaka miwili iliyopita, hapo ndipo uombe kupimiwa afya ya betri. Pima Mei, usipime Januari. Najua watu walioshawishiwa na wauzaji kubadilisha gari kwa kipimo cha Januari, na hilo linaniumiza.

Baridi peke yake, gari likiwa limeegeshwa, haiizeeshi betri. Joto kali la muda mrefu ndilo linaloizeesha haraka.

Betri za fosfati ya chuma, zile zinazoandikwa LFP, ni mbaya zaidi kwenye baridi?

Ndiyo, kwa ujumla zinasumbuka zaidi kuliko zile za nikeli, hasa kuchaji. Zina sifa nyingine nzuri, maisha marefu ikiwemo. Ukinunua gari la aina hiyo kwa ajili ya huku kaskazini, hakikisha lina hita ya betri na njia ya kuiwasha. Bila hivyo, usilitegemee kwa safari ndefu za Januari.

Ndugu zangu Kenya na Tanzania wanaagiza magari ya umeme kutoka Japani. Haya yanawahusu?

Kidogo sana. Asubuhi ya nyuzi 10 Limuru au Njombe itapunguza umbali kidogo, na breki ya mota inaweza kulegea kilomita chache za mwanzo, basi. Hita ya betri kule haitakuwa na kazi. Wanapokagua Leaf iliyotumika waangalie kinyume chake: betri ile haina maji ya kuipooza, kwa hiyo wahesabu vile vijistari kumi na viwili vya afya pembeni ya kipimo cha chaji, na waulize itaegeshwa wapi saa saba mchana.